Sebule moja, taa mbili: nilivyoandika upya mwanga wa sini ya 3 na sini ya 9

Nina skripti ya filamu fupi ya dakika 14, hadithi yote iko Tanga ndani ya nyumba moja, na kuna sini mbili ambazo zimebeba kila kitu. Sini ya 3 familia inakula chakula cha usiku, wanacheka, wako vizuri. Sini ya 9, wiki mbili baadaye, sebule ileile, mama anamuuliza kijana wake hati ya nyumba iko wapi na kijana hana jibu, maana ameshaiweka rehani. Ya kwanza ilitakiwa iwe na joto, ya pili iwe baridi mpaka mtu anayeangalia ajisikie vibaya kukaa kwenye kile chumba. Nataka niwaonyeshe nilichoandika mwanzo, kilichotokea tulipojaribu, na jinsi sini zote mbili zilivyobadilika, maana naona skripti nyingi za watu wanaoanza zinakwama hapahapa.

Rasimu ya kwanza sini ya 3 ilianza hivi:

NDANI. SEBULE YA BI MWANAHAWA – USIKU
Mwanga wa joto, rangi za dhahabu. Familia inakula kwa upendo.

Na sini ya 9:

NDANI. SEBULE YA BI MWANAHAWA – USIKU
Mwanga baridi wa bluu. Hali ya wasiwasi imetanda.

Ukisoma haraka unaona sawa tu, mtu anaelewa. Lakini kameraman wetu alikaa nayo siku mbili akanirudishia na neno moja ambalo mpaka leo nalitumia, aliniambia "Dada, hapa umeniandikia hisia, taa hujaniandikia." Yaani dhahabu inatoka wapi? Jua limeshazama, kuna balbu, kuna mshumaa, kuna jiko, kuna nini? Na ile bluu inaingia kupitia wapi kwenye nyumba ambayo usiku dirisha limefungwa na pazia limeshushwa?

Kabla ya kukodi kamera tukaenda kwenye nyumba tuliyopewa kufanya majaribio kwa simu. Kwa sini ya 3 tukazima umeme tukawasha chemli, tukaweka katikati ya mkeka kama watu wanavyofanya nyumbani. Yakaharibika mambo mawili papo hapo. La kwanza, simu ilikuwa kwenye Auto, na waiti balansi ya Auto kazi yake ni kutafuta nyeupe, ikiona kila kitu ni cha machungwa inavuta kuelekea bluu mpaka ukuta urudi kuwa krimu ya kawaida. Haimalizi yote, lakini sehemu kubwa ya lile joto lililokuwa machoni petu kwenye video lilikuwa limeshaliwa. La pili lilinishtua zaidi. Taa ikiwa chini sakafuni mwanga unapanda kwenda juu, unashika kidevu na matundu ya pua na chini ya nyusi, na ukivuli wa kila mtu unakuwa mkubwa ukutani nyuma yake. Nilitaka familia ya upendo nikapata watu wanaosimuliana hadithi za majini. Na chemli ndiyo ileile, rangi ileile.

Kwa sini ya 9 tukapachika karatasi ya bluu mbele ya taa, tukaipitisha dirishani. Ikawa nzuri, na hiyo ndiyo ilikuwa shida, ilikuwa nzuri kama mbalamwezi kwenye video ya wimbo wa mapenzi. Na nyuso za waigizaji wetu, ambao wote ni weusi kama mimi, zikawa kijivu, zile nyekundu na kahawia zilizo ndani ya ngozi zikapotea, mtu anaonekana kama kapakwa majivu. Mama anagundua kuwa nyumba inaondoka na chumba kinapendeza. Haiwezekani.

Nikarudi nyumbani nikafikiria kwa muda mrefu nini hasa kinafanya sebule iwe baridi kwetu sisi, sio kwenye filamu za watu wa theluji. Nikakumbuka zile balbu nyeupe za dukani, zile ambazo kwenye boksi zimeandikwa 6500K, ambazo karibu kila nyumba ninayoijua imeweka moja tu katikati ya dari. Chini ya ile taa unaona kila kitu, unaona nyufa, unaona alama za vidole kwenye mlango, hakuna pa kujificha. Na chemli ni kinyume chake, inaonyesha watu na kuficha chumba. Hapo ndo hadithi ikageuka: joto la sini ya 3 litoke kwenye kukosa umeme, na baridi ya sini ya 9 itoke kwenye umeme kurudi.

Alafu nikaona taa inaweza kuwa sehemu ya kisa chenyewe. Sini ya 3 Luku imeisha, hamna hela, wanakula gizani kwa chemli na wana furaha. Sini ya 9 yule kijana, Shabani, amenunua umeme wa shilingi 50,000 kwa mpigo, katika nyumba ambayo siku zote inaweka wa elfu mbili, elfu tatu. Mama anaingia sebuleni, anakuta taa imewaka, anaangalia mita, anaona yuniti zaidi ya 100, na swali lake la kwanza haligusi hati, linagusa umeme. Pesa hii umetoa wapi mwanangu? Kwa hiyo ule mwanga mweupe juu ya vichwa vyao ndio ushahidi wenyewe, mtazamaji anaangalia pesa ya rehani ikiwaka darini.

Sini ya 3 sasa inasomeka hivi, nimeinakili kama ilivyo:

NDANI. SEBULE YA BI MWANAHAWA – USIKU
Giza. Mita ya Luku inalia mara mbili, inanyamaza. Kiberiti. MZEE SALEHE anawasha chemli, anaitundika kwenye msumari ukutani, usawa wa macho ya watu waliokaa. Mwanga unafika kwenye sinia na kwenye nyuso, zaidi ya hapo hauendi. Mlango, kabati, pembe za chumba, vyote havionekani. ZUHURA anamsogelea mama yake ili aone anachokula. Shabani naye anasogea.

Angalieni hakuna neno joto hapo, na hakuna dhahabu. Ule msumari ndio uliotatua shida ya nyuso za kutisha, taa imepanda kutoka sakafuni mpaka usawa wa macho, mwanga unakuja kutoka ubavuni, mashavu yanapata umbo. Ningeandika tu "chemli inawaka" mtu wa vifaa angeiweka kwenye mkeka, na asingekuwa na kosa, ndiko inakokaa. Na ile sentensi ya mwanga kutofika mbali ni fizikia ya kawaida, mwanga wa taa ndogo ukienda umbali mara mbili unabaki robo, ndo maana watu wenye taa moja wanakaa wakigusana mabega. Kwa hiyo mwanga wenyewe ndio unaopanga watu, wanasogeleana kwa sababu wanataka kuona maharage, na kwenye skrini inaonekana mapenzi.

Sini ya 9:

NDANI. SEBULE YA BI MWANAHAWA – USIKU
Taa nyeupe ya dari, moja, bila kifuniko. Chumba chote kinaonekana kwa mara ya kwanza: kiraka kwenye pazia, kabati lenye kioo kilichopasuka, msumari mtupu ukutani na masizi meusi juu yake. Bi Mwanahawa amesimama mlangoni. Shabani amekaa upande wa pili wa chumba, chini ya taa. Macho yake yamo kwenye kivuli cha paji la uso. Mkeka umekunjwa.

Hapa nilitaka mtazamaji aone masizi. Yale masizi yalikuwepo tangu sini ya 3, chemli ndiyo iliyoyaweka, lakini kwa mwanga wa chemli hayaonekani kwa sababu jicho linakimbilia kwenye moto. Ukiwasha nyeupe ndo unaona kile kilichobaki ukutani. Na macho ya Shabani kuwa kivulini sikubuni, taa ikiwa juu kabisa ya kichwa mfupa wa paji unatupa kivuli kwenye matundu ya macho, kila mtu aliyewahi kupiga picha ya harusi chini ya taa ya dari anaijua hiyo. Kwa kawaida kameraman anapambana kuiondoa. Mimi nimeiandika ili asiiondoe, kwa sababu kijana anamdanganya mama yake na nataka mama asiweze kumwona macho. Nisingeiandika, angeweka taa ya kujazia pale mbele kwa nia njema kabisa na sini ingekufa.

Sasa kuna kitu nataka kukaa nacho kidogo, kwa sababu ndo kinachoharibu kazi nyingi hata skripti ikiwa imeandikwa vizuri. Moto wa chemli ukiupima kwa kelvini uko kama 1900 hivi, ile balbu iko 6500. Namba ndogo ni rangi ya machungwa, kubwa ni kuelekea bluu. Kamera unaiambia ichukulie mwanga gani kuwa ndio nyeupe. Ukiiweka karibu na namba ya chemli kwenye sini ya 3, alafu ukaiweka 6500 kwenye sini ya 9, umezifuta zote mbili, zote zitatoka na ukuta wa krimu wa kawaida na tofauti uliyoiandika haipo. Tulichokubaliana ni kuifunga kamera kwenye 4300 kwa sini zote mbili, isiguswe. Pale katikati chemli inatoka ya machungwa iliyokolea, na balbu inatoka nyeupe yenye bluu kidogo, ubluu wa maziwa ya unga, sio ubluu wa mbalamwezi. Ngozi haziwi majivu kwa sababu hamna jeli, ile karatasi ya bluu, iliyokata rangi nyekundu, ni balbu tu ikionekana ilivyo.

Mnaweza kulijaribu hili nyumbani kwa simu yoyote ambayo kamera yake ina modi ya Pro ya video. Weka WB, yaani waiti balansi, kwenye 4300, funga shata kwenye 1/50 kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa hizi za bei nafuu zinaweza kuchezacheza kwenye video ukiweka shata isiyoendana na umeme huo, alafu rekodi sekunde kumi za mtu aliyekaa kwenye mwanga wa mshumaa, washa taa ya dari, rekodi kumi nyingine bila kugusa kitu zaidi ya ISO, ile inayoongeza au kupunguza mwangaza wa picha. Ukiziangalia zikifuatana utaona sini ya 3 na ya 9 bila mwigizaji hata mmoja. Mimi nilifanya hivyo kabla sijaandika rasimu ya tatu, na nusu ya maneno niliyokuwa nimeandika nikayatoa kwa sababu taa zilikuwa zimeshayasema.

Swali ambalo wengi wananiuliza ni kama hizi namba ziingie kwenye skripti. Hapana. Mwigizaji anasoma skripti, mwenye pesa anasoma, mtu wa sauti anasoma, na 4300 haimwambii kitu yeyote kati yao. Kwenye skripti naandika kinachoonekana na nani amekiwasha. Namba zinakaa kwenye ukurasa mmoja wa pembeni, sisi tunauita karatasi ya rangi, wenye mistari michache kwa kila sini: taa inayoonekana ni ipi, imekaa wapi, nani anaimiliki, kamera imefungwa wapi, kitu gani lazima kionekane na kipi kisionekane. Wa sini ya 3 ulisema mlango usionekane. Ule mstari mmoja uliokoa saa nzima seti, kwa sababu vijana wa taa walishaanza kuuangazia mlango ili chumba kisiwe kitupu.

Na chemli yenyewe haitoshi, tusidanganyane. Kamera tuliyoweza kukodi haikuweza kuona nyuso nne kwa moto ule peke yake bila chengachenga kujaa. Ile chemli inabaki kwenye fremu kama sababu ya mwanga, alafu nje ya fremu, upande uleule wa msumari, panawekwa balbu ya zamani ya waya ndani ya kitu kipana kinachosambaza mwanga, imefifishwa kwa dima. Balbu ya waya ukiififisha inazidi kuwa nyekundu, kwa hiyo inaukaribia moto kwa urahisi kuliko paneli ya LED ambayo lazima uihangaikie. Upana wake ni kwa ajili ya ngozi. Ngozi nyeusi inapata umbo kwenye kamera kwa vile inavyong'aa, taa ndogo kali inaacha doa moja jeupe kwenye paji na sehemu nyingine inazama, lakini chanzo kipana na laini kinatandaza ule mng'ao shavuni mpaka taya, unaiona sura. Kwenye sini ya 9 tulifanya kinyume kwa makusudi, balbu ikaachwa uchi, doa kwenye paji la Shabani likaachwa, akaonekana anatoka jasho hata kabla hajaulizwa kitu.

Jambo jingine ni nguo. Mshona mavazi wetu alitaka sini ya 9 mama avae kanga ya bluu ili iendane na ubaridi. Mawazo mazuri, lakini nikamwomba, dada yangu, mwache na kanga ileile nyekundu ya sini ya 3. Sababu ni kwamba kwenye moto kanga nyekundu inawaka, inakuwa ndicho kitu chenye uhai kuliko vyote pale, wakati bluu kwenye moto inageuka karibu nyeusi maana moto hauna bluu ya kuipa. Kwenye ile balbu ya bei rahisi mambo yanageuka, balbu hizi nyekundu yake ni dhaifu, kanga ileile inatoka ya kahawia iliyochoka. Kitambaa kilekile, mama yuleyule, na mtazamaji anaona kuwa kuna kitu kimemtoka bila kujua ni nini. Ukimbadilisha nguo umempa mtazamaji taarifa kuwa siku ni nyingine, basi.

Kuna sini ya 8 hapo kabla, ya magharibi, Shabani anarudi na karatasi ya tokeni mfukoni. Niliiandika mwanzo ikiwa na mazungumzo ya ukurasa mzima nje ya mlango, mwanga wa bluu wa baada ya jua kuzama. Ikabidi ipungue mpaka mistari minne isiyo na neno, kwa sababu kwetu huku karibu na ikweta jua likishazama una kama dakika 20 tu kabla ya giza, na ile bluu yenyewe nzuri ni sehemu tu ya hizo. Ukurasa mzima wa mazungumzo unahitaji kurudiwa kutoka pande tatu, utaanza na bluu utamaliza na giza, na kwenye kuunganisha itaonekana wamesimama mlangoni kwa saa nne. Sasa anafika, anasimama, anabonyeza zile namba 20 za tokeni kwenye mita, dirisha linageuka jeupe nyuma yake. Na mlio wa mita ni uleule wa sini ya 3.

Mahali ambapo tulibishana sana ni mwisho, sini ya 12. Dairekta alitaka mama azime taa awashe chemli, tuurudie ule mwanga wa mwanzo, aonekane amekaa peke yake kwenye joto lililobaki. Nikakataa, nikasema chemli ikirudi mtazamaji atapumua, atahisi nyumba imerudi, na haijarudi. Alafu Mzee Salehe ndiye mwenye kuwasha chemli kwenye skripti nzima, hakuna mwingine aliyewahi kuigusa, na yeye kwenye sini ya 12 hayupo. Tukajaribu yote mawili kwa simu, palepale kwenye kochi. Ya chemli ilikuwa nzuri kutazama na ilikuwa uongo. Tukaenda na hii:

NDANI. SEBULE YA BI MWANAHAWA – ALFAJIRI
Taa nyeupe bado inawaka. Nje kunapambazuka, dirisha na taa vinakaribia kuwa rangi moja, huwezi kujua tena kipi kinaangaza chumba. Bi Mwanahawa amekaa kwenye mkeka, chini ya msumari. Anaangalia mita. Yuniti bado ni nyingi.